Gharama Hufuata Shughuli: Hesabu ya Kiwanda chenye Bidhaa Nyingi

Kiwanda kinachotengeneza bidhaa moja tu hakina shida kubwa ya kujua gharama yake. Fedha zote zilizotumika kwa mwaka hugawanywa kwa idadi ya bidhaa zilizotoka, na jibu hupatikana. Shida huanza pale kiwanda kilekile kinapotoa ndoo, beseni, vikombe, vifuniko vya chupa na vishikio vya sufuria kwa mashine zilezile, mafundi walewale na umeme uleule. Plastiki iliyoingia kwenye ndoo inaweza kupimwa kwa mizani. Mshahara wa fundi anayebadilisha kalibu, wa karani wa stoo au wa mkaguzi wa ubora haupimiki hivyo, kwa kuwa watu hao huhudumia bidhaa zote. Gharama za namna hiyo huitwa gharama za jumla za uzalishaji, na namna ya kuzigawa ndiyo huamua bidhaa gani itaonekana ina faida na ipi itaonekana ni mzigo.

Njia ya zamani, ambayo bado inatumika katika viwanda vingi, ni kuzikusanya gharama hizo zote pamoja na kuzigawa kwa kipimo kimoja, kama saa za kazi za wafanyakazi au saa za mashine. Njia hii haikuwa ya kipuuzi ilipoanza. Katika karakana za mwanzoni mwa karne ya 20, mishahara ya watu wa mashine ilikuwa sehemu kubwa ya gharama yote, na gharama za jumla zilikuwa kidogo. Kadiri mashine zilivyochukua kazi za mikono na orodha ya bidhaa ilivyorefuka, uwiano huo uligeuka, lakini kipimo kilibaki kilekile.

Kasoro yake ilionekana wazi katika miaka ya 1980 huko Waterloo, jimbo la Iowa nchini Marekani, kwenye kiwanda cha vipuri cha kampuni ya John Deere. Kiwanda hicho kilikuwa kikishindania kazi ya kutengeneza vipuri vidogo vya chuma. Kilijikuta kikizikosa kazi za vipuri vinavyotengenezwa kwa wingi, ambazo ndizo mashine zake ziliziweza vizuri, na kupata zile za vipuri vichache vichache. Hesabu zake zilikuwa zikivibebesha vipuri vya wingi gharama zisizo zao na kuvipunguzia vile vichache. Robert Kaplan wa Chuo Kikuu cha Harvard aliandika juu ya kiwanda hicho mwaka 1987, na njia iliyobuniwa pale ya kugawa gharama kwa kufuata shughuli ikaenea duniani.

Wazo lenyewe ni jepesi. Bidhaa hazili fedha moja kwa moja. Bidhaa huhitaji shughuli, kama kubadilishiwa kalibu, kukaguliwa au kusafirishwa kutoka stoo, na shughuli hizo ndizo zinazokula fedha. Kwa hiyo hesabu hufanywa kwa hatua mbili: kwanza gharama hukusanywa kwa kila shughuli, kisha kila bidhaa hutozwa kulingana na kiasi cha shughuli ilichotumia. Kipimo cha matumizi hayo huitwa kisababishi cha gharama, na bei ya kipimo kimoja huitwa kiwango cha shughuli.

Mfano utakaotumika hapa ni wa kiwanda cha plastiki chenye mashine sita zinazosukuma plastiki iliyoyeyuka ndani ya kalibu za chuma. Takwimu ni za kubuni, ila mwendo wa kazi ni ule wa viwanda vya aina hiyo. Kiwanda kina aina 45 za bidhaa. Gharama zake za jumla kwa mwaka ni shilingi milioni 960, na mashine zake hufanya kazi saa 24,000 kwa mwaka. Kwa njia ya zamani hesabu huishia hapo: milioni 960 zikigawanywa kwa saa 24,000 ni shilingi 40,000 kwa kila saa ya mashine, na kila bidhaa hutozwa kiwango hicho.

Hatua ya kwanza ya njia mpya huanzia kwenye leja. Leja haitaji shughuli. Hutaja mishahara, umeme, uchakavu wa mitambo, matengenezo. Kazi ya mhasibu ni kuuliza mshahara huu au umeme huu ulinunua kazi gani, na kazi hiyo huanzia kwenye sakafu ya kiwanda. Baada ya kuzungumza na wasimamizi na kufuata oda chache tangu zinapoingia hadi zinapotoka, shughuli kuu za kiwanda hiki zinaonekana kuwa tano. Kuendesha mashine kunagharimu milioni 480, nyingi zikiwa uchakavu, umeme na matengenezo. Kubadilisha kalibu kunagharimu milioni 216. Kushughulikia oda, yaani kupanga ratiba, kutoa malighafi stoo na kupeleka mzigo ulipokamilika, ni milioni 90. Ukaguzi wa ubora ni milioni 72. Kutunza aina za bidhaa, yaani michoro, kumbukumbu na ukarabati wa kalibu zilizohifadhiwa, ni milioni 54. Zinabaki milioni 48 za ulinzi, pango na ofisi ya meneja. Hizo haziifuati bidhaa yoyote, na ni heri kuziacha kando kuliko kuzitafutia kipimo cha kulazimisha.

Shughuli tano zinaweza kuonekana chache kwa kiwanda chenye aina 45, lakini idadi ya bidhaa siyo inayoamua idadi ya shughuli. Shughuli mbili zinazotumiwa na bidhaa kwa uwiano uleule zinaweza kuunganishwa bila kuharibu jibu. Wahasibu wengi huanza na orodha ya shughuli mia, kisha huchoka kuzikusanyia takwimu baada ya mwaka mmoja.

Milioni 216 za kubadilisha kalibu zinastahili kufunguliwa, kwani ndizo zilizojificha zaidi. Mashine ikimaliza ndoo na kutakiwa kutoa beseni, kalibu ya ndoo hufunguliwa na kuinuliwa kwa winchi, nyingine huwekwa, mabomba ya maji ya kupoozea huunganishwa, kisha plastiki ya rangi ya zamani husukumwa nje mpaka rangi mpya itoke safi. Vipande vya mwanzo huwa na kasoro na hutupwa pembeni kusagwa upya. Mishahara ya mafundi wa kazi hiyo ni milioni 120 na winchi na zana ni milioni 24. Plastiki inayopotea ni milioni 48, na umeme wa kupasha moto na kujaribu ni milioni 24. Katika leja, fedha hizi zilikuwa zimetawanyika katika akaunti nne, na hakuna aliyewahi kuziona zikiwa pamoja.

Kwa mishahara ya watu wenye kazi zaidi ya moja, desturi ni kuwauliza wanatumia sehemu gani ya muda wao kwa kila shughuli. Majibu hayo yana udhaifu unaojulikana: karibu kila mtu hutoa asilimia zinazojumlika kuwa 100, kana kwamba hakuna muda unaopita bila kazi. Kaplan na Steven Anderson waliliandika jambo hili mwaka 2004 walipopendekeza kuanza na muda ambao kila tendo huchukua badala ya makadirio ya asilimia. Hata kiwanda kisichofuata njia yao yote hufaidika kwa kuweka daftari la muda kwa wiki chache na kulilinganisha na yaliyosemwa.

Baada ya mafungu ya gharama kukamilika, kinachofuata ni kuchagua visababishi, na hapo ndipo hesabu nyingi huharibika. Kisababishi kizuri ni kile ambacho kikiongezeka, shughuli nayo huongezeka kweli, na ambacho tayari kinarekodiwa au kinaweza kurekodiwa bila kuajiri mtu wa ziada. Masharti hayo mawili huvutana mara nyingi. Kwa kuendesha mashine, saa za mashine zinafaa na mashine zenyewe huzihesabu. Kwa kushughulikia oda, idadi ya oda za uzalishaji inatosha, kwa sababu karani huandika hati ileile na huita gari lilelile la kusukuma mzigo, iwe oda ni ya vipande 1,000 au 10,000. Kwa kutunza bidhaa, idadi ya aina za bidhaa ndiyo kipimo.

Kubadilisha kalibu kunadai fikra zaidi. Kipimo rahisi ni idadi ya mara kalibu ilipobadilishwa, ambazo kwa mwaka mzima wa kazi kamili ni 900. Milioni 216 zikigawanywa kwa 900 ni shilingi 240,000 kwa kila badiliko. Lakini kalibu ya ndoo ya lita 20 ni nzito na huchukua saa tano, wakati kalibu ndogo ya vifuniko huchukua saa moja na nusu. Ukihesabu mara tu, kifuniko kitatozwa sawa na ndoo. Ukihesabu saa, hali hubadilika. Kiwanda kina vikosi viwili vya kubadilisha kalibu, na kila kimoja kinaweza kutoa saa 1,800 za kazi halisi kwa mwaka baada ya kuondoa likizo na mapumziko. Jumla ni saa 3,600, na kiwango ni shilingi 60,000 kwa saa ya kikosi. Kifuniko sasa kinatozwa shilingi 90,000 kwa badiliko moja na ndoo 300,000. Kama mabadiliko yote yangekuwa ya muda unaokaribiana, kuhesabu mara kungetosha na daftari la saa lisingekuwa na kazi.

Hata saa zina kona zake. Kutoka rangi nyeupe kwenda nyeusi ni haraka, lakini kutoka nyeusi kwenda nyeupe huchukua muda mrefu na plastiki nyingi, kwani chembe moja ya weusi huonekana. Je, mzigo huo ni wa bidhaa nyeupe inayofuata au wa nyeusi iliyotangulia? Kwa kweli ni wa ratiba iliyoziweka kwa mpangilio huo. Busara ni kutoza kila bidhaa muda wa kawaida wa kalibu yake, na kuiandika tofauti kama gharama ya upangaji ili mpanga ratiba aione.

Viwango vingine hupatikana kwa mgawanyo uleule. Kuendesha mashine: milioni 480 kwa saa 24,000 ni shilingi 20,000 kwa saa. Oda: milioni 90 kwa oda 900, kwa kuwa kila oda hudai badiliko moja la kalibu, ni shilingi 100,000 kwa oda. Ukaguzi: milioni 72 kwa kaguzi 2,400 ni shilingi 30,000 kwa ukaguzi. Kutunza bidhaa: milioni 54 kwa aina 45 ni shilingi milioni 1.2 kwa aina.

Sasa bidhaa mbili ziwekwe kwenye mizani. Ya kwanza ni ndoo ya lita 20, ambayo hutoka 400,000 kwa mwaka. Hutumia saa 5,000 za mashine, oda 40, saa 200 za kubadilisha kalibu na kaguzi 200. Njia ya zamani iliitoza saa 5,000 kwa shilingi 40,000, yaani milioni 200, au shilingi 500 kwa ndoo. Kwa viwango vipya, mashine ni milioni 100, kalibu milioni 12, oda milioni 4, ukaguzi milioni 6 na utunzaji milioni 1.2. Jumla ni milioni 123.2, sawa na shilingi 308 kwa ndoo.

Ya pili ni kishikio cha sufuria, ambacho wateja wake ni wengi na kila mmoja huagiza kidogo kwa rangi yake. Kwa mwaka hutoka vishikio 60,000 kwa saa 300 tu za mashine, lakini kwa oda 60 za vipande 1,000 kila moja, saa 240 za kubadilisha kalibu na kaguzi 180. Njia ya zamani iliona saa 300 za mashine na kutoza milioni 12, yaani shilingi 200 kwa kishikio. Viwango vipya vinatoza milioni 6 za mashine, milioni 14.4 za kalibu, milioni 6 za oda, milioni 5.4 za ukaguzi na milioni 1.2 za utunzaji. Jumla ni milioni 33, au shilingi 550 kwa kishikio.

Ulinganifu wa haki unadai kukumbuka kwamba kiwango cha zamani kilibeba pia zile milioni 48 zilizoachwa kando, ambazo ni shilingi 2,000 kwa saa ya mashine. Zikirudishwa, ndoo inapanda kwa shilingi 25 na kishikio kwa shilingi 10. Picha haibadiliki.

Matokeo yake sokoni ni makubwa. Tuseme plastiki na ujira wa moja kwa moja wa ndoo ni shilingi 3,300. Hesabu ya zamani ilisema ndoo inagharimu 3,800, kwa hiyo mshindani alipouza kwa 3,750, meneja wa mauzo aliamini kwamba anauza kwa hasara na akamwachia soko. Kwa hesabu mpya gharama ni 3,608, na hata milioni 48 zikirudishwa ni 3,633. Bei ya mshindani ilikuwa ndani ya uwezo wa kiwanda. Kishikio nacho kina plastiki na ujira wa shilingi 250 na huuzwa kwa 600. Zamani kilionekana kuleta faida ya 150. Sasa kinaonekana kugharimu 800, yaani kila kimoja kinauzwa kwa hasara ya 200. Hakuna mtu aliyeiba wala kuandika uongo. Ndoo ilikuwa ikilipia mabadiliko ya kalibu ya kishikio.

Jambo la kuangalia kwa makini ni nambari inayotumika kugawanyia. Saa 3,600 za vikosi ni uwezo wao, siyo kazi waliyoifanya mwaka fulani. Oda zikipungua na saa zilizotumika zikawa 3,000, kishawishi ni kugawanya milioni 216 kwa 3,000 na kupata kiwango cha shilingi 72,000. Bidhaa zote zitaonekana ghali zaidi, bei zitapandishwa, wateja wengine wataondoka, na mwaka unaofuata kiwango kitapanda tena. Kiwango kikibaki 60,000, bidhaa hutozwa milioni 180 na milioni 36 zinazobaki huandikwa peke yake kuwa gharama ya uwezo usiotumika. Hiyo ni habari ya menejimenti. Mnunuzi wa ndoo hahusiki nayo.

Dalili za kisababishi kibaya zinaweza kuonekana bila hesabu za juu. Gharama ya fungu ikiwekwa mwezi kwa mwezi kando ya kisababishi chake, na moja ikapanda huku kingine kikishuka, kuna tatizo, ingawa mishahara isiyobadilika inaweza kuficha uhusiano wa kweli kwa miezi kadhaa. Dalili nyingine ni fungu lililochanganya mambo. Ikiwa ndani ya milioni 72 za ukaguzi kuna vipimo vya maabara vinavyofanywa kwa vyombo vya chakula peke yake, kishikio kinalipia vipimo ambavyo hakikufanyiwa, na fungu hilo linapaswa kupasuliwa. Dalili ya tatu hutoka kwa mafundi. Wakisoma matokeo na kusema bidhaa iliyotajwa kuwa rahisi ndiyo inayowasumbua, mara nyingi wao ndio wako sahihi.

Kosa kubwa zaidi huja baada ya hesabu kukamilika, pale mtu anaposema kishikio kifutwe ili milioni 33 ziokolewe. Haziokolewi. Kikifutwa, plastiki inayopotea wakati wa kubadilisha rangi na umeme wa kujaribu zitapungua mara moja, lakini mafundi wataendelea kulipwa na mashine zitaendelea kuchakaa. Kiwango cha shughuli hueleza rasilimali zilizotumika, na hakisemi ni fedha kiasi gani zitakoma kutoka. Tofauti hiyo huwaponyoka hata wahasibu wazoefu.

Kabla ya kufuta bidhaa, viwango vyenyewe huonyesha mahali pa kushika. Kishikio hakigharimu sana kwa sababu ya mashine. Saa 300 ni kidogo. Kinagharimu kwa sababu ya oda 60. Kiwanda kikikubali rangi chache na kutengeneza vipande 4,000 kwa mkupuo, oda zinakuwa 15, saa za kalibu 60 na kaguzi 45. Mashine inabaki milioni 6 na utunzaji milioni 1.2, kalibu inashuka hadi milioni 3.6, oda hadi milioni 1.5 na ukaguzi hadi milioni 1.35. Jumla inakuwa milioni 13.65, au karibu shilingi 228 kwa kishikio, na gharama kamili hufika 478 dhidi ya bei ya 600. Vishikio vingi zaidi vitakaa stoo vikisubiri mnunuzi, na fedha iliyolala humo inapaswa kuhesabiwa. Pia saa 180 za vikosi zilizoachwa wazi hazileti shilingi yoyote mpaka zipewe kazi nyingine, kwa mfano oda za ndoo ambazo mshindani alikuwa amezichukua.